Kinachotoka alfajiri si sumu

Kaka Mfamasia, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 46, nauza viungo na nafaka katika soko la Mgandini, Tanga. Tangu mwaka jana nimeongeza mezani kwangu maboksi ya chai ya mitishamba ya kuondoa sumu mwilini. Boksi lina vifuko 20, nalichukua kwa jumla shilingi 7,000 na kuliuza 12,000, na kusema kweli linatoka haraka kuliko iliki. Mimi mwenyewe niliinywa siku kumi kabla ya harusi ya mdogo wangu. Usiku tumbo lilinisokota, alfajiri nikapata choo cha maji ya kahawia yenye utelezi, nikajiona mwepesi, na mizani ikashuka kutoka kilo 84 hadi 81, ingawa wiki mbili baadaye zilikuwa zimerudi.

Sasa mteja wangu mmoja, mama mtu mzima mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoa, amelazwa baada ya kuinywa wiki tatu. Miguu ilimwishia nguvu na moyo ukawa unarukaruka. Binti yake alikuja mezani kwangu akaniambia kwamba hospitali imekuta potasiamu imeshuka, na kwamba chai hii haiondoi sumu yoyote. Sikuwa na la kumjibu. Kama haiondoi sumu, kile kinachotoka ni nini? Na nifanye nini na maboksi 11 niliyobaki nayo? Nimekuwekea kifuko kimoja ndani ya bahasha.

Muuza Viungo, Tanga

*

Waaleikum salaam, dada yangu. Mfikishie mgonjwa pole zangu, na umwambie binti yake kwamba alichosema mezani kwako ni sahihi.

Kile kifuko nilikimwaga juu ya karatasi nyeupe na kukichambua kwa ncha ya sindano. Humo mna vipande vya tangawizi kavu, majani ya nana, unga wa kijani ambao kwa macho hauwezi kutambulika, na kwa wingi kuliko vyote, vipande vya jani jembamba lenye ncha, la kijani kilichopauka, ambalo chini karibu na kikonyo halilingani pande zake mbili: upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwenzake. Nadhani wewe muuza viungo ungelitambua bila msaada wangu. Ni sanamaki. Kwenye maboksi ya namna hii huandikwa jina lake la kigeni, sena, mara nyingi mwishoni na kwa herufi ndogo, ilhali tangawizi na nana vimechorwa kwa rangi upande wa mbele. Lakini kilichokuamsha alfajiri ni sanamaki. Tangawizi na nana zilileta harufu na ladha tu.

Sanamaki si mgeni pwani. Bibi yangu alikuwa akituchemshia shule zikifungwa, wajukuu wote tukiwa tumepangwa mkekani, na asubuhi yake mlango wa choo ulikuwa na foleni. Yeye naye aliita kazi hiyo "kusafisha tumbo", na kwa maana finyu ya maneno hayo hakukosea, kwa sababu tumbo lilibaki tupu kweli. Kosa huanza pale "tumbo" linapogeuzwa kuwa "mwili", na choo kinapogeuzwa kuwa "sumu".

Ili uone tofauti hiyo, fuata safari ya kikombe kimoja. Kemikali za sanamaki zinazofanya kazi huitwa senosidi. Ukizinywa saa tatu usiku zinapita tumboni na katika utumbo mwembamba karibu bila kuguswa, kwa sababu ukuta wa utumbo huo hauzinyonyi. Zinapofika utumbo mpana zinakutana na bakteria wanaoishi humo siku zote, na bakteria hao ndio wanaozivunja na kuzigeuza kuwa kitu kikali kinachouchokoza ukuta wa utumbo. Ndiyo maana hukusikia chochote kabla ya kulala, kisha tumbo likaanza kukusokota usiku wa manane: dawa hii huchukua takriban saa 6 hadi 12, ule muda wa kusafiri na kuvunjwa. Uchokozi huo una matokeo mawili. Utumbo mpana unajikaza na kusukuma kwa nguvu kuliko kawaida, na wakati huo huo unaacha kazi yake kubwa ya kila siku, ambayo ni kuyarudisha maji mwilini.

Kazi hiyo ya maji ndiyo jibu la swali lako. Kila siku utumbo mpana hupokea kutoka utumbo mwembamba takriban lita moja na nusu ya majimaji. Kwa mtu mzima asiye na tatizo karibu yote hufyonzwa na kurudi kwenye damu, na katika choo hubaki kiasi kidogo tu, kama cha kikombe kidogo cha chai. Sanamaki inauzuia utumbo kuyafyonza, kwa hiyo majimaji yaliyopaswa kurudi kwenye damu yako yanatoka nje pamoja na mabaki ya chakula cha jana na juzi. Rangi ya kahawia uliyoiona inatokana na nyongo, ambayo ini huitengeneza kila siku na kuimwaga utumboni. Ule utelezi ni ute ambao ukuta wa utumbo huutoa ili kujilainisha, kama mate yanavyolainisha kinywa, na ukichokozwa huutoa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo yaliyotoka alfajiri ile yalikuwa maji yako, chumvi zako, nyongo yako, ute wako na mabaki ya chakula chako. Mtu mwenye afya kamili akinywa kikombe kile kile atayaona hayo hayo, na akirudia kesho yake atayaona tena, hata kama jana alijihesabu kuwa "amesafishika". Kitu kinachotoa "uchafu" uleule kwa mgonjwa na kwa mzima, siku ya kwanza na siku ya kumi, hakiwezi kuwa kipimo cha uchafu.

Wateja wako watakuambia kwamba kuna uchafu wa miaka mingi uliogandamana kwenye kuta za utumbo, kama ukoko kwenye sufuria. Hili nalo lina jibu, kwa kuwa utumbo huchunguliwa hospitalini kila siku. Mgonjwa anayekwenda kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera hupewa kwanza dawa ya kuusafisha iliyo kali kuliko chai yoyote ya sokoni, aghalabu lita kadhaa za maji yenye dawa, hadi anachotoa kiwe maji maangavu yasiyo na mabaki. Kisha daktari anaingiza kamera na kuutazama ukuta wote. Anachokiona ni nyama laini ya rangi ya waridi yenye mishipa midogo ya damu. Ukoko hauonekani, wala usingepata pa kushika, kwa sababu utando wa ndani wa utumbo unajimenyua na kujifanya upya kila baada ya siku chache. Kitu pekee cha rangi ya ajabu ambacho madaktari hukikuta ukutani mara kwa mara ni madoa ya kahawia iliyokoza, na kinachochekesha ni kwamba madoa hayo huonekana kwa watu waliotumia sanamaki na dawa za jamii yake kwa miezi mingi. Hayana madhara makubwa na hufifia baada ya kuacha, lakini ni alama iliyoachwa na hiyo hiyo chai ya kusafisha.

Hata hivyo, tuseme utumbo umebaki mtupu na unang'aa. Bado taka za mwili hazijaguswa, kwa kuwa hazikai humo. Zile taka ambazo mwili huzalisha kwa kuishi, na dawa na pombe zinazoingia kwa kinywa, huzunguka katika damu, na huondolewa na viungo viwili ambavyo chai hii haiviongezei nguvu yoyote.

Nitachukua mfano wa amonia, maana hiyo ni sumu ya kweli. Ukila samaki au maharage, mwili unapovunja protini yake hutengeneza amonia, na amonia ikijaa kwenye damu humchanganya mtu akili hadi kumpoteza fahamu. Ini huikamata na kuigeuza kuwa urea, ambayo ni pole zaidi na inayeyuka vizuri katika maji. Damu huibeba urea hadi kwenye figo, na figo huitoa kwa mkojo. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, maana yake maji yale yale ya damu hupita kwenye chujio mara nyingi tangu asubuhi hadi usiku. Kati ya lita hizo 180 karibu zote hurudishwa, na lita moja na nusu au mbili hivi hutoka kama mkojo zikiwa zimebeba taka. Kazi hii haisubiri mwisho wa mwezi wala kabla ya harusi. Ingekuwa imesimama kwako hata kwa siku chache, usingekuwa sokoni ukipima iliki. Ungekuwa umevimba, unatapika na kuchanganyikiwa, na tiba yake ingekuwa mashine ya kusafisha damu, ambayo mgonjwa huunganishwa nayo saa kadhaa kwa kila kipindi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Kama kungekuwa na jani la kufanya kazi ya mashine hiyo, wagonjwa wa figo wangekuwa wa kwanza kulinunua na sisi wafamasia tungekuwa wa kwanza kuliweka rafuni.

Mtu akikuambia chai inaondoa sumu, muulize sumu gani kwa jina. Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha tiba na tangazo. Chukua risasi, ile madini. Hii ni sumu inayowahusu hasa watu wa biashara yako, kwa sababu aina fulani za wanja wa mawe hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, na Bangladeshi ilithibitika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakichanganya manjano na rangi yenye risasi ili ing'ae. Mtoto anayeshukiwa kuwa na risasi hupimwa damu, na jibu huja kwa namba. Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni kutafuta inakotoka na kuikomesha. Namba ikiwa kubwa, yaani kufikia maikrogramu 45 kwa desilita moja ya damu, hupewa dawa maalumu inayoshikana na risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, kisha damu hupimwa tena na tena, kwa kuwa risasi iliyojificha mifupani huendelea kurudi kwenye damu taratibu. Hapo kuna sumu yenye jina, kipimo kabla, dawa inayojulikana jinsi inavyoishika, na kipimo baada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kwenye boksi lako. Sumu haikutajwa, na isiyotajwa haiwezi kupimwa, na isiyopimwa hakuna awezaye kuuliza kama imetoka.

Kuhusu kilo tatu zako sitakaa sana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na utumbo uliojaa huwa na mabaki ya uzito usio mdogo, kwa hiyo kupoteza kilo tatu kwa kuharisha siku kumi, huku pengine ukila kidogo kwa sababu ya tumbo, si ajabu. Mafuta hayakuguswa. Sukari, mafuta na protini za chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na sanamaki huanza kazi baada ya hapo, katika utumbo mpana, wakati chakula kimeshaingia mwilini. Ndiyo maana uzito ulirudi ulipoanza kunywa na kula kama kawaida.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliandika lakini nadhani umelisikia kwa wateja. Mtu akiacha chai hukaa siku mbili au tatu bila kupata choo, anaingiwa na hofu kwamba "uchafu umerudi", naye anakuja kununua boksi la pili. Ukweli ni kwamba utumbo mpana ulikombwa wote, na unahitaji siku hizo mbili au tatu ili ujae tena kiasi cha kumfanya aende chooni. Hajafunga choo, hana cha kutoa bado. Akinywa tena siku ya tatu anaukomba upya, na mzunguko unaendelea, hadi anaamini kwamba tumbo lake haliwezi kufanya kazi bila chai. Sidhani ulikuwa na nia hiyo, dada yangu, lakini sehemu ya ule mwendo wa haraka kuliko iliki inatoka hapo.

Sasa nije kwa mgonjwa wako, maana yaliyompata hayakuwa bahati mbaya isiyotazamiwa. Potasiamu ni chumvi inayosaidia misuli kukaza na kulegea, na moyo nao ni msuli. Katika damu kiwango chake hutakiwa kuwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, nafasi ndogo sana. Vidonge vya kukojoa, kama furosemaidi, hushusha presha au kupunguza uvimbe kwa kuifanya figo itoe chumvi na maji zaidi, na potasiamu hutoka pamoja nayo. Hiyo ndiyo sababu daktari humpangia mgonjwa tarehe ya kurudi kupimwa damu. Mama huyu alikuwa tayari anapoteza potasiamu kwa mkojo. Chai ikamwongezea njia ya pili, kwa sababu majimaji ya utumbo mpana yamejaa potasiamu. Kisha ikafunguka njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: mwili unapoona maji yanapungua hutoa homoni ya kuiambia figo ibakize chumvi ya kawaida, na figo hubakiza chumvi hiyo kwa kuitoa potasiamu badala yake. Kwa hiyo kadiri alivyoharisha ndivyo hata mkojo ulivyozidi kumnyang'anya potasiamu.

Wiki ya kwanza huenda alisikia uchovu tu, na akaambiwa kwamba hizo ni dalili za sumu kutoka. Maneno hayo yameandikwa kwenye makaratasi ya chai nyingi, na mimi nayaona kuwa ndiyo hatari kuliko jani lenyewe, kwa kuwa yanamfundisha mgonjwa kuvumilia onyo. Baadaye misuli ya miguu ikakaza usiku, kisha ikalegea asiweze kupanda ngazi, kisha moyo ukaanza kurukaruka. Potasiamu ikishuka chini ya 2.5 moyo unaweza kusimama. Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayemeza dijoksini, dawa ya moyo, kwa sababu potasiamu ikipungua dawa hiyo hugeuka kuwa kali hata kwa dozi ile ile ya kila siku. Na usijaribu kumtibu kwa ndizi na maji ya dafu, ingawa vyote viwili vina potasiamu. Kiasi anachohitaji hupangwa kwa kupima damu, na ikizidi nayo husimamisha moyo.

Wapo wengine ambao wasingelazwa lakini wangeumia kimyakimya. Msichana anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango akiharisha sana kwa zaidi ya saa 24, kinga ya vidonge hivyo haitegemeki tena. Mjamzito, mtoto, mzee, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye vidonda vya utumbo hawapaswi kuinywa bila kushauriwa na mtaalamu. Mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu utumbo ukiwa umeziba, dawa ya kuusukuma inaweza kumpeleka chumba cha upasuaji.

Pamoja na hayo yote siichukii sanamaki. Ni dawa nzuri ya mtu aliyefunga choo, na hata mimi natoa vidonge vyake dukani. Mtu mzima hupewa senosidi miligramu 15 hadi 30 kwa siku, wakati wa kulala, kwa siku chache zisizozidi wiki moja. Kidonge kimoja huwa na kiasi kinachojulikana, hivyo huhesabiwa. Kifuko chako hakikuandikwa kina gramu ngapi za jani wala miligramu ngapi za senosidi, na hata kingeandikwa, anayekiloweka dakika tatu na anayekichemsha nusu saa hawanywi dozi moja. Boksi lenye vifuko 20 linamwalika mtu ainywe siku 20, karibu mara tatu ya muda ambao dawa yenyewe inaruhusiwa.

Halafu kuna ule unga wa kijani. Pengine ni majani ya kawaida yaliyosagwa, lakini wewe na mimi hatuwezi kulijua hilo kwa kunusa. Brasels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa mitishamba ya kupunguza uzito walianza kufika hospitali figo zikiwa zimekufa. Chanzo kilikuwa mmea mmoja wa jamii ya aristolokia ulioingizwa kwenye dawa mahali pa mmea mwingine wenye jina linalokaribiana. Walioathirika walizidi 100, wengi wao wakaishia kwenye mashine ya figo au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Walitafuta kupungua, wakapoteza kiungo kile kile kinachosafisha damu. Kosa la aina nyingine ni la makusudi: chai na vidonge vya kupunguza mwili vimekamatwa katika nchi nyingi vikiwa vimetiwa sibutramini, dawa ya kuua hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Ukisikia mteja anasema chai fulani imemkata njaa kabisa, kinywa kinakauka, usingizi umepotea na moyo unakwenda mbio, jua kwamba sanamaki haifanyi hivyo, wala tangawizi.

Kuhusu maboksi 11, ushauri wangu ni kwamba usiuze hata moja. Najua ni shilingi 77,000 za mtaji wako, na sizungumzi kama mtu asiyejua maana ya mtaji. Angalia kwanza kama boksi lina namba ya usajili. Bidhaa inayodai kutibu au kuondoa sumu ni dawa machoni pa sheria, si kiungo cha chai, na nchini kwetu dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, wakati Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayosimamia ubora na usalama wa dawa sokoni. Kama namba haipo, yachukue maboksi yote hadi kwa mfamasia wa halmashauri na umweleze habari ya mgonjwa, na umwombe aiandike kama taarifa ya madhara ya dawa. Yule aliyekuuzia kwa jumla mdai fedha zako ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Atakusikiliza kuliko ukienda mikono mitupu. Na moja kati ya hayo maboksi mpe binti wa mgonjwa leo, alipeleke wodini, kwa sababu daktari anayemtibu mama yake anahitaji kusoma mwenyewe kilichoandikwa humo.

Wateja wakija kuulizia, waulize wanachotaka hasa. Anayesema hapati choo, mwambie anywe maji zaidi, ale mapapai, maembe, mboga za majani na dona badala ya sembe, na akivuka wiki mbili bila nafuu, au akiona damu, au akikonda bila sababu, aende hospitali. Anayetaka kupungua hana dawa kwenye meza yako. Anayetaka kinywaji cha moto cha jioni, muuzie tangawizi, mdalasini na mchaichai, na umwambie kuwa ni chai.